Fundi Amekwenda Kununua Vitambaa

Kwenye karakana ya masofa kulikuwa na shuka moja kubwa la kijivu. Kazi yake ilikuwa kufunika masofa yaliyomalizika yasipate vumbi la mbao. Kazi yake ya pili ilikuwa kumfunika Fundi.

Hiyo kazi ya pili hakuna aliyewahi kuipanga kwa mdomo. Fundi akiamka na pombe ya jana kichwani, alifika kazini macho mekundu, akashona mshono mmoja au miwili, kisha akalaza kichwa juu ya meza ya cherehani. Hapo Gundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupigilia fremu na kubandika sponji, aliongeza sauti ya redio. Pini alivuta shuka akamfunika Fundi pamoja na cherehani yake, ikawa kama rundo la vitambaa tu. Mteja akiuliza, Pini alitazama chini akasema, "Fundi amekwenda kununua vitambaa." Mara nyingi hayo ndiyo maneno pekee aliyosema na wateja siku nzima.

Pini alikuwa binti wa kaka yake Fundi, naye alimwita Baba Mdogo. Aliishi nyumbani kwa Fundi tangu alipoacha shule akiwa darasa la tano. Jina la Pini alipewa na Gundi. "Huyu ni kama pini," alisema. "Unasahau kama ipo mpaka uikalie."

Jumatatu ile Baba Mdogo alifika amejikunja. Mwisho wa wiki walikuwa wamemaliza kazi kubwa ya viti vya hoteli, na yeye alikuwa amekunywa tangu Ijumaa jioni, bila kula chochote cha maana. Mkono mmoja alikuwa ameubana juu ya kitovu, chini ya mbavu.

"Vidonda vyangu vya tumbo vimeamka," alisema. Akanywa ile dawa nyeupe ya maji anayoiweka kwenye droo ya nyuzi. Haikukaa. Aliitapika kwenye ndoo ya maranda, akatapika tena mpaka ikawa maji ya njano, na hakuonekana kupata nafuu hata kidogo. Kisha alikaa kwenye cherehani, akakumbatia mto wa sponji, akainamia mbele.

Gundi akaongeza redio. Pini akavuta shuka.

Muda si mrefu mwenye saluni aliingia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba, na pikapu yake ilikuwa nje na dereva tayari. Alikuja kuchukua viti vyake vya wateja.

"Fundi yuko wapi?"

"Fundi amekwenda kununua vitambaa," alisema Pini.

"Huyu Fundi wenu, kwa jinsi anavyonunua vitambaa, angekuwa na duka sasa."

Gundi akacheka kwa adabu. Pini hakucheka. Alikuwa anaangalia shuka. Alikuwa amelitandika juu ya mgongo ule mara nyingi, na alijua linavyopanda na kushuka polepole mtu aliyelewa akilala. Leo lilikuwa linapanda na kushuka haraka haraka, kama kuna mtu anakimbia chini yake.

Alilifunua mbele ya mteja.

Gundi aliacha nyundo hewani. Mwenye saluni akasema, "Kumbe vitambaa vyenyewe ni hivi."

Baba Mdogo hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi na uso ulikuwa na rangi ya majivu. Jasho lilikuwa limeloanisha shati lote, lakini Pini alipomgusa shingo, ngozi ilikuwa ya baridi.

"Nifunike," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba Mdogo, panauma wapi?"

"Hapa." Alionyesha juu ya kitovu. "Panachoma, halafu maumivu yanatokezea mgongoni. Kama mtu amenichoma bisibisi ikapita hadi upande wa pili. Nifunike, mwanangu. Itapita."

"Ni gesi hiyo," alisema Gundi. "Tumlaze kidogo, apate soda."

Walijaribu kumlaza kwenye sofa. Mgongo wake ulipogusa tu mto alitoa mlio ambao Pini hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima, akajikunja tena mbele, magoti tumboni. Hapo ndipo Pini alipojua kwamba hatamfunika tena. Alichukua simu akampigia mke wa Fundi, Mama Mdogo.

"Mlete nyumbani," alisema Mama Mdogo. "Nitampikia uji mwepesi. Hospitali watamnusa tu waanze kumsema."

"Mama, nampeleka hospitali. Tukutane kule."

"Pini, nimesema nini?"

"Nimesikia, Mama. Tukutane kule." Akakata simu. Akairudisha kwenye mfuko wa aproni. Kisha akamgeukia mwenye saluni, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Naomba pikapu yako."

"Na atakaaje? Kulala hawezi."

Pini akaonyesha kiti cha saluni chenye mikono, kipya, bado kina plastiki miguuni.

Mwenye saluni alikitazama kile kiti kama mtu anayeagana na ndugu. "Haya. Mbebeni. Kiti changu kitaijua hospitali kabla hakijaijua saluni."

Wakampakia amekaa, amekumbatia mto wake, Gundi akishika kiti upande huu na Pini upande ule. Njiani alitapika mara mbili, na mwenye saluni, aliyekaa mbele na dereva, alifunga dirisha dogo la nyuma.

*

Chumba cha dharura kilikuwa na vitanda vilivyotenganishwa kwa mapazia. Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele amezifunga nyuma kwa mpira. Alimbonyeza Baba Mdogo tumbo kwa vidole viwili tu, naye akaukamata mkono wake. Muuguzi alimpima presha, akapima tena mkono wa pili, akamwonyesha daktari namba. Presha ilikuwa chini na mapigo ya moyo yalikuwa mbio. Wakamtundikia dripu mkono mmoja na nyingine mkono wa pili, wakatoa damu ya vipimo, wakamchoma sindano ya maumivu, wakampachika mrija wa oksijeni puani.

"Maumivu yalianza lini?" aliuliza daktari.

"Alfajiri ya leo," alisema Pini.

"Ghafla au taratibu?"

"Ghafla. Anasema vidonda vya tumbo."

"Anakunywa pombe?"

Pini alifungua mdomo, lakini pazia lilivutwa na Mama Mdogo akaingia akihema, khanga ya pili ikiwa mkononi. Alikuwa amelisikia swali.

"Mume wangu si mlevi, Daktari. Huonja kwenye sherehe tu, kama watu wengine. Ana vidonda vya tumbo, miaka mingi."

Daktari aliandika kitu. "Nauliza kwa sababu maalumu," alisema bila ukali. "Dalili hizi ninaziona kama za ugonjwa wa kongosho, na damu nimeshaipeleka ipimwe. Lakini nataka kujua kilichoichokoza. Yanaweza kuwa mawe kwenye nyongo, inaweza kuwa pombe. Na kama ni mnywaji wa kila siku, kuna hatari nyingine itakayokuja kesho au keshokutwa, na nataka kuisubiri nikiwa nimejiandaa."

"Si mlevi," alisema Mama Mdogo tena. Baba Mdogo alikuwa amefumba macho. Nyuma ya pazia Gundi alikohoa.

Pini aliangalia sakafu. Kulikuwa na kipande cha plasta kimeganda kwenye kigae, akakikazia macho huku akisema.

"Anakunywa kila siku, Daktari. Pombe kali. Chupa ndogo, nusu asubuhi na nusu jioni. Siku za mwisho wa wiki chupa kubwa. Tangu Ijumaa hajala chakula, amekunywa tu." Alimeza mate. "Na asipokunywa asubuhi mikono inatetemeka. Mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano. Akishakunywa, anatunga mwenyewe."

Mama Mdogo alimtazama kama amemwona akivua nguo barabarani.

"Asante," alisema daktari. "Hilo la sindano limenisaidia."

Daktari alipotoka, Mama Mdogo alisogea karibu na sikio la Pini. "Miaka yote nimemsitiri. Wewe kwa pumzi moja umemweka uchi."

"Anakufa, Mama."

"Nani amekwambia anakufa?"

Pini hakuwa ameambiwa na mtu. Alilinyoosha shuka la kitanda, wala hakuomba msamaha.

*

Majibu ya damu yalipofika, daktari aliwaita wote watatu kwenye benchi la koridoni, Pini, Mama Mdogo na Gundi. Kipimo cha kongosho kilikuwa juu sana, mara nyingi zaidi ya kawaida. Picha ya tumbo haikuonyesha mawe kwenye nyongo.

"Kongosho iko hapa, nyuma ya tumbo la chakula," alisema, akijigusa juu ya kitovu. "Ndiyo maana maumivu yanatokea mgongoni, na ndiyo maana anapata afueni kidogo akiinama. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza majimaji makali ya kusaga chakula. Kwa kawaida majimaji hayo yanaanza ukali wake yakishafika kwenye utumbo. Pombe nyingi, ya miaka, inaiharibu kongosho, na siku moja ukali unaanzia mle mle ndani. Kongosho inaanza kujisaga yenyewe."

Gundi aliacha kutafuna kijiti alichokuwa nacho mdomoni. "Kama gundi kuganda ndani ya kopo."

"Afadhali ingeganda. Hii inawaka. Na mwili mzima unauitikia huo moto. Maji yanatoka kwenye mishipa ya damu yanajaa tumboni, kwa hiyo presha inaanguka, na figo zinakosa damu ya kuchuja. Mapafu nayo yanaweza kujaa. Watu wengi wanapona baada ya siku chache. Wengine figo zinasimama, kisha mapafu, kisha moyo. Leo siwezi kuwaambia yeye ni wa kundi gani."

"Basi mpasueni," alisema Mama Mdogo. "Itoeni."

"Kumpasua sasa ni kumwongezea, Mama. Wala hakuna dawa ya kuuzima moto wenyewe. Tunampa maji ya dripu, dawa ya maumivu, oksijeni, na akiacha kutapika tutamlisha kidogo kidogo. Tunaubeba mwili mpaka kongosho ipoe. Angechelewa nyumbani mpaka jioni, sijui kama tungekuwa na cha kubeba."

Mama Mdogo aliufunga uso kwa khanga. Pini alitaka kumshika bega, akaona haya, akamshika ncha ya khanga.

*

Kesho yake Baba Mdogo alianza kutetemeka. Kwanza vidole, kisha mikono mizima, kitanda kikawa kinalia. Muuguzi wa wodi, mwanamume mfupi asiyekosa utani, alikuwa anamtazamia. Alimchoma dawa ya kumtuliza, na vitamini kwenye mshipa, akasema, "Tulikusubiri, mzee. Umekuja kwa wakati wako." Pini alielewa kwamba hii ndiyo ile hatari nyingine.

Hata hivyo mchana Baba Mdogo alichanganyikiwa. Aliushika mrija wa dripu kwa ncha za vidole, akawa anauvuta polepole na kuukagua kwenye mwanga.

"Uzi huu si wenyewe," alimwambia Pini. "Nimesema namba kumi na mbili. Huu utakatika."

"Ni wenyewe, Baba Mdogo. Uache, nikutungie mimi."

"Na kile kiti cha nani?"

"Cha mwenye saluni."

"Mwambie nimekwenda kununua vitambaa."

Saa ya kuona wagonjwa Gundi alikuja na chupa ya sharubati. Alikuwa amevaa shati safi na alikaa pembeni ya kitanda bila kujua aweke wapi mikono yake mikubwa. Aliutazama ule mtetemeko mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akafungua chupa. Pini alikuwa upande wa pili wa kitanda, na harufu ilimfikia kabla ya kifuniko kutoka sawasawa.

"Gundi. Hiyo ni nini?"

"Sharubati."

"Ni nini?"

Gundi akashusha sauti. "Tone tu, Pini. La kumtoa mtetemeko. Nimeona watu wakikatiwa pombe ghafla, wanakufa kwa kutetemeka. Unataka afe hivyo? Huyu ni ndugu yangu. Fremu yangu ya kwanza nilipigilia mikononi mwake."

Baba Mdogo alikuwa ameinua kichwa. Macho yaliyokuwa yanaelea tangu asubuhi yalikuwa yametulia juu ya chupa. "Lete," alisema. "Pini, binti yangu mzuri, mwache alete."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Pini akazunguka kitanda, akaushika mkono wa Gundi penye kifundo. Mkono ule ulikuwa mzito mara mbili ya wake.

"Umesema kweli kwamba kutetemeka kunaua," alisema. "Ndiyo maana wanamchoma dawa. Wanaijua hatari hiyo. Niliwaambia mimi. Lakini hiyo uliyoshika ndiyo iliyowasha moto kule ndani. Ukimpa, wewe ndiye utakayekuwa umemfunika shuka la mwisho."

"Usiniambie hivyo."

"Nakwambia. Nipe chupa, au nimwite muuguzi sasa hivi, na sitanong'ona."

"Wewe? Upige kelele?" Gundi alitaka kutabasamu. Aliangalia uso wake, akaacha. Akampa chupa.

Pini aliimwaga kwenye sinki la wodi, maji yakifunguliwa. Nyuma yake Baba Mdogo alimtukana tusi ambalo hata kwenye ulevi hakuwahi kumtukana. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Alisuuza chupa, akarudi, akakaa palepale alipokuwa amekaa. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Ukimaliza kunitukana," alisema, "muuguzi amesema ujaribu kugeuka ubavu."

*

Usiku huo hospitali haikuwaita ndugu, lakini asubuhi Pini ndiye aliyeona mfuko wa mkojo. Muuguzi alikuwa ameshawaeleza ndugu kwamba mfuko ule ni kama dirisha la figo. Ulikuwa na mkojo kidogo tu, mweusi kama chai ya rangi iliyokaa sana. Kifua cha Baba Mdogo kilikuwa kinakwenda kama lile shuka siku ya kwanza. Kabla hajainuka kwenda kusema, muuguzi alikuwa ameshafika na daktari nyuma yake.

Walimhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, wakambadilishia mrija wa puani kwa barakoa. Mlangoni Mama Mdogo alizuiwa, akabaki ameshika viatu vya mumewe.

Siku zile zilikuwa za kukaa benchini. Daktari alitoka mara kwa mara na maneno machache: figo zimechoka lakini hazijasimama, mapafu yana maji, leo ni kama jana. Mama Mdogo hakumsemesha Pini. Walikaa ncha mbili za benchi na mfuko wa chakula katikati. Mpaka alasiri moja, bila kugeuka, Mama Mdogo akasema, "Chupa zilizokuwa chini ya karo la jikoni nimezimwaga zote."

Pini akamgeukia.

"Nilikuwa nazihesabu kila asubuhi nijue leo atakuwa mtu wa namna gani. Halafu nikitoka nje nasema vidonda vya tumbo. Nimesema hivyo mpaka nikaanza kumnunulia dawa ya vidonda." Akafungua mfuko, akammegea Pini mkate. "Kula. Umekonda, utapita kwenye tundu la kitufe."

Siku iliyofuata daktari alitoka akiwa ameshusha barakoa yake kidevuni. "Mkojo umerudi," alisema, na hakuna aliyeona ajabu kwamba watu wawili wazima walilia kwa furaha kwa sababu ya mkojo.

*

Baba Mdogo alitoka hospitali mwepesi kama fremu isiyo na sponji. Siku ya kuruhusiwa daktari aliongea naye mbele yao, naye akasikiliza akiwa ameshika kofia.

"Sehemu ya kongosho imekufa, hairudi. Utakuja kupimwa sukari, maana hiyo nayo ni kazi yake. Na pombe, mzee, sisemi upunguze. Shambulio la pili linaweza kukukuta mwili hauna akiba tena. Kuna kikundi cha wanaoacha, kinakutana hapa hapa kila wiki. Muuguzi wako wa wodi ndiye anayekisimamia."

"Yule mfupi?"

"Yeye mwenyewe."

"Mdomo wake ule. Nitapona kwa hasira."

Alirudi karakanani kabla hajapata nguvu, kwa sababu kukaa nyumbani, alisema, kulikuwa kama kutazamwa na kila ukuta. Alishona mshono mmoja, akapumzika. Mikono bado ilikuwa na mtetemeko mdogo. Pini alichukua sindano ya mkono amtungie uzi, lakini Baba Mdogo akatikisa kichwa, akaichukua mwenyewe. Alikosa tundu. Akaukata uzi kwa meno, akakosa tena. Gundi na Pini wakajifanya wana kazi nyingi. Ilimchukua muda mrefu, na uzi ulipopita akaanza tu kushona.

Karibu na mchana uchovu ulimshika, akalaza kichwa juu ya meza. Nje gari likasimama. Mkono wa Gundi, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye redio. Akaangaza huku na huku. "Shuka liko wapi?"

"Nimelikata," alisema Pini. "Limekuwa vitambaa vya kuzibia viti kwa chini. Limetosha viti sita."

Mwenye saluni aliingia, dereva nyuma yake amebeba kile kiti chenye mikono. Doa la matapishi ya siku ile lilikuwa bado linaonekana kwenye kitambaa. "Nimekisugua kwa kila sabuni ninayouza," alisema. "Kinahitaji kitambaa kipya." Akamtazama Pini kwa jicho la utani. "Fundi yupo, au amekwenda kununua vitambaa?"

Pini alimtazama usoni.

"Yupo," alisema. "Alikuwa anaumwa kwa sababu ya pombe, karibu afe. Sasa hivi amechoka, anapumzika. Ukisubiri kidogo atakupimia mwenyewe."

Baba Mdogo alikuwa amesikia. Mabega yake yalikakamaa. Kisha aliinuka polepole, akashika meza, akauvuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni.

"Kilete hapa mwangani," alimwambia dereva.